Jinsi ya kuthibitisha kwamba hakuna programu ya kujua kama mashine haikubali kitu chochote, hatua kwa hatua

Swali lenyewe ni hili. Nakupa mashine ya Turing, yaani nakupa maelekezo yake yote yameandikwa kwenye karatasi, ikiwa kwenye hali hii na ikasoma herufi hii kwenye tepu yake, yaani ukanda mrefu wa visanduku, inaandika ile, inasogea kulia au kushoto, inaingia hali nyingine. Alafu nakuuliza, je kuna neno hata moja, yaani mfuatano wowote wa herufi kama 010, ambalo hii mashine ikipewa itafika kwenye hali ya kukubali? Au haikubali neno lolote kabisa, unaweza kukesha unaijaribisha maneno mwaka mzima na haitakubali hata moja? Tuliite tatizo la utupu, kwasababu tunauliza kama seti ya maneno yanayokubaliwa ni tupu.

Tunachotaka kuonyesha ni kwamba hakuna mwamuzi wa hili tatizo. Na neno mwamuzi hapa lina maana kali kidogo, ni mashine ambayo ukiipa swali lolote la aina hiyo lazima isimame na lazima iseme ndiyo au hapana na jibu liwe sahihi, sio kwa mashine nyingi, kwa mashine zote. Ikikwama kwenye moja tu basi sio mwamuzi.

Mimi hili swali nililikosa kwenye mtihani nikiwa mwaka wa pili, na sio kwamba sikujua kitu, niliandika ukurasa mzima na kila mstari ulikuwa kweli, ila nilianzia upande mwingine nikathibitisha kitu ambacho hakuna aliyeniuliza. Nitaeleza hilo kosa huko mbele maana nalikuta kwa watu wengi mpaka leo.

Kabla hujaanza: unachoruhusiwa kutumia

Kitu kimoja tunakichukua kama kimeshathibitishwa, nacho ni tatizo la kusimama: ukipewa mashine M na neno w, je M ikiendeshwa kwa w itasimama siku moja au itazunguka milele? Hili halina mwamuzi. Msingi wake ni kazi ya Alan Turing ya mwaka 1936, na hoja yake kwa kifupi ni kwamba kama mwamuzi angekuwepo ungetengeneza mashine inayomuuliza huyo mwamuzi kuhusu yenyewe, alafu inafanya kinyume cha alichosema, akisema utasimama inazunguka, akisema utazunguka inasimama, na hapo mwamuzi amekosea, wakati tulisema hakosei.

Hiyo hoja hatuirudii leo. Tunachofanya ni kuipeleka kwenye tatizo la utupu kwa njia ya kupunguza, na watu wa fani wengi wanasema tu ridaksheni. Maana yake ni hivi: nachukua swali la kusimama, naligeuza liwe swali la utupu, ili yeyote anayeweza kujibu la utupu awe amenijibia na la kusimama. Sasa kwa vile la kusimama hakuna awezaye, basi na la utupu hakuna awezaye.

Hatua ya 1: andika unachokidhania, na ukiandike kwa upande sahihi

Andika hivi: tuseme kuna mwamuzi wa utupu, tumuite `ni_tupu`. Ukimpa maelezo ya mashine yoyote anajibu ndiyo kama haikubali neno lolote, hapana kama kuna neno hata moja inalikubali.

Basi. Sentensi moja, lakini hapa ndo pa kuwa makini, kwasababu lengo sasa ni kumtumia huyu kujenga mwamuzi wa tatizo la kusimama. Yule unayemdhania ndo wa tatizo jipya, na yule unayemjenga ndo wa tatizo la zamani ambalo tunajua halina mwamuzi. Mimi kwenye ule mtihani nilidhania mwamuzi wa kusimama nikamjenga wa utupu, na kweli inawezekana, ukiwa na mwamuzi wa kusimama unajenga mashine inayotafuta neno lolote linalokubalika na ikilipata inasimama, alafu unamuuliza kama hiyo mashine itasimama. Ni kweli kabisa, ila inasema tu kwamba utupu sio mgumu kuliko kusimama. Haisemi kwamba ni mgumu. Sisi tunataka ugumu.

Hatua ya 2: jenga mashine Mw

Hapa ndo moyo wa kazi yote, kwahiyo tutakaa hapa.

Nina M na w mkononi, nataka kujua kama M inasimama kwa w. Ninachoruhusiwa kumuuliza `ni_tupu` ni swali la aina moja tu, je mashine fulani haikubali kitu? Kwahiyo inabidi nitengeneze mashine mpya ambayo utupu wake unategemea kitu kimoja tu, kama M inasimama kwa w. Hii hapa:

```
Mw, ikipewa inputi x:
  1. futa x yote kwenye tepu
  2. andika w
  3. endesha M kwa w
  4. M ikisimama, kubali
```

Angalia vizuri kinachotokea kwa x. Inafutwa. Mw haijali umeipa nini, ukiipa 0, ukiipa 010, ukiipa neno tupu, yenyewe inafanya kazi ileile. Watu wengi hili linawashangaza mwanzoni, kwanini mashine ipokee inputi alafu iitupe? Ni kwasababu tunataka iwe na tabia moja kwa maneno yote, ama inakubali yote, ama haikubali hata moja, na kusiwe na kitu katikati.

Na angalia mstari wa 4, umesema M ikisimama, haukusema M ikikubali. M inaweza kusimama kwa kukataa, hata hivyo Mw inakubali. Kwenye maelekezo halisi unachofanya ni kuchukua kila njia ya M inayoingia hali ya kukubali au hali ya kukataa na kuielekeza kwenye hali ya kukubali ya Mw. Ukilisahau hili, mwamuzi utakayemjenga atakuwa wa tatizo lingine, lile la kama M inakubali w, ambalo nalo halina mwamuzi lakini sio tulilolichukua kama limeshathibitishwa.

Sasa tuione kwa macho. Chukua M ndogo ya hali mbili inayosoma moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, ikikuta idadi ya 1 ni shufwa inasimama, ikiwa witiri inaendelea kulia milele. Na w iwe `11`. Alama `_` ni kisanduku kitupu cha tepu, na tepu yetu haina mwisho pande zote mbili. Mw nzima ni hii:

```
k0  0 -> _  kulia    k0
k0  1 -> _  kulia    k0
k0  _ -> 1  kushoto  k1
k1  _ -> 1  kushoto  k2
k2  _ -> _  kulia    q0
q0  1 -> 1  kulia    q1
q0  _ -> KUBALI
q1  1 -> 1  kulia    q0
q1  _ -> _  kulia    q1
```

Mistari mitano ya juu ni ile tuliyoongeza sisi, minne ya chini ni M yenyewe, hatujaigusa isipokuwa pale iliposimama tumeandika KUBALI. Hali ya k0 inatembea kulia ikifuta mpaka ikute kisanduku kitupu, hapo x imeisha na tepu nzima ni tupu, kwahiyo haijalishi tena tuko wapi, tunaandika w hapohapo. Tunaiandika kuanzia herufi ya mwisho tukirudi kushoto, alafu k2 inasogea kulia mara moja tu ili kichwa cha kusomea kikae juu ya herufi ya kwanza, ndo tunaingia q0 ambayo ni mwanzo wa M. Hali tulizoongeza ni tatu, yaani urefu wa w ukijumlisha moja, na ni hivyo kwa w yoyote.

Ipe x iwe `010`. Hatua tatu za kufuta, mbili za kuandika, moja ya kusogea, hapo ni sita. Alafu M inasoma 1 ya kwanza, inasoma 1 ya pili, inakuta kitupu ikiwa q0, inakubali. Jumla hatua 9. Ukiipa neno tupu zinakuwa 6, ukiipa neno la herufi elfu moja zinakuwa 1006. Inakubali kila neno duniani.

Sasa badilisha w iwe `111`. Kunaongezeka mstari mmoja wa kuandika na hali moja, k3 ndo inasogea kulia, basi. M inasoma 1, 1, 1, inakuta kitupu ikiwa kwenye q1, na q1 ikiona kitupu inasogea kulia inabaki q1, inaona kitupu kingine, inasogea, haifiki kokote. Hivyo ndivyo ilivyo kwa x yoyote utakayoipa. Mw haikubali hata neno moja.

Hatua ya 3: andika uhusiano pande zote mbili

Usiishie kusema "ni wazi". Andika mistari miwili:

Kama M inasimama kwa w, basi Mw inafika mstari wa 4 kwa kila x, inakubali maneno yote, kwahiyo sio tupu.

Kama M haisimami kwa w, basi Mw inakwama kwenye mstari wa 3 kwa kila x, haikubali neno lolote, kwahiyo ni tupu.

Kumbuka katika hali ya pili Mw haikatai kitu, inazunguka tu. Lakini kuzunguka sio kukubali, na tatizo la utupu linauliza kuhusu kukubali tu, kwahiyo mashine inayozunguka kwa kila neno ni tupu sawasawa na ile inayokataa kila neno.

Hatua ya 4: mjenge mwamuzi wa kusimama

```python
def inasimama(M, w):
    Mw = jenga(M, w)      # kuandika tu maelezo
    return not ni_tupu(Mw)
```

Hiyo `not` ni ya lazima. Tupu maana yake haisimami, kwahiyo jibu la `ni_tupu` linageuzwa, akisema ndiyo sisi tunasema hapana.

Sasa hakikisha kwamba `inasimama` yenyewe inasimama siku zote, na hapa ndo swali ninaloulizwa kuliko yote: mbona ndani ya Mw tunaendesha M, na M inaweza isisimame, si tutakwama? Hatukwami, kwasababu Mw hatuiendeshi hata hatua moja. Tunaiandika tu. `jenga` inachukua maelezo ya M, inaweka mbele yake ile mistari ya kufuta na kuandika w, inabadilisha pale pa kusimama, imemaliza, na kazi hiyo ina mwisho kwasababu M ina mistari yenye kikomo na w ina herufi zenye kikomo. Ile karatasi ya mistari tisa hapo juu uliisoma ukaimaliza, hata kama mashine inayoelezwa na karatasi ingezunguka milele. Alafu karatasi tunamkabidhi `ni_tupu`, na yeye tumeshadhania kwamba anajibu siku zote. Kwahiyo mistari yote miwili ya kodi inaisha.

Mtu akikuandikia ushahidi wenye sentensi "sasa endesha Mw uone kama inakubali", hapo ushahidi umekufa, maana anayeiendesha Mw anaweza kukaa hapo milele.

Hatua ya 5: funga

`inasimama` inapokea M na w yoyote, inasimama siku zote, inajibu sahihi. Huyo ni mwamuzi wa tatizo la kusimama, ambaye hayupo. Kila tulichofanya kinatekelezeka isipokuwa kimoja tulichokidhania, kwamba `ni_tupu` yupo. Basi hayupo.

Kama bado inaonekana kama mchezo wa maneno, jaribu kufikiria huyu `ni_tupu` angekuwa anaweza nini. Kuna dhana ya Goldbach ya mwaka 1742, inasema kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, 4 ni 2+2, 10 ni 3+7, na kadhalika. Imekaguliwa kwa kompyuta mpaka 4×10^18 bila kupata inayokosa, ila hakuna aliyeithibitisha. Andika M inayopitia 4, 6, 8, 10, kwa kila moja inajaribu jozi zote za namba tasa, na ikikuta shufwa isiyo na jozi inasimama. Hiyo ni programu ya mistari kumi tu. Jenga Mw yake. Mw hiyo ni tupu kama Goldbach ni kweli, na inakubali kila kitu kama Goldbach ni uongo. Kwahiyo `ni_tupu` angeangalia hiyo karatasi moja akatoa jibu la swali lililosubiri karibu miaka 300. Hilo halithibitishi kwamba hayupo, kilichothibitisha ni hatua tano za juu, ila linakuonyesha tulikuwa tunamuomba nini.

Mahali ushahidi hauendi

Usije ukasema kwamba utupu hauamuliki kwa kila aina ya mashine. Otomata yenye kikomo, ile isiyo na tepu ya kuandikia, utupu wake unaamuliwa kirahisi sana: chora hali zake kama vituo na mishale kama njia, anzia hali ya mwanzo, weka alama kila unapofika, ukimaliza angalia kama kuna hali ya kukubali yenye alama. Hamna alama, ni tupu. Ikiwa na hali 50 basi hutakuwa na zaidi ya vituo 50 vya kuweka alama. Kwa nini njia hii haifanyi kazi kwa mashine ya Turing? Kwasababu kwenye mashine ya Turing mshale upo kwenye karatasi lakini hujui kama utakanyagwa, inategemea kilichoandikwa kwenye tepu. Rudi kwenye Mw ya `111`, ukifuata mishale tu kuna njia kutoka k0 mpaka KUBALI kupitia q0, iko pale wazi kabisa, lakini hakuna x itakayowahi kuipita.

Na kuna kitu kimoja zaidi ambacho ningependa ukishike, kinahusu ile `not`. Nusu moja ya tatizo inawezekana. Kama mashine sio tupu unaweza kugundua: orodhesha maneno yote kwa mpangilio, mzunguko wa kwanza endesha neno la kwanza kwa hatua moja, mzunguko wa pili endesha maneno mawili ya kwanza kwa hatua mbili mbili, wa tatu matatu kwa hatua tatu tatu, hivyohivyo. Kama kuna neno la 40 linalokubaliwa kwa hatua 1006, utalikuta mzunguko wa 1006. Usiendeshe neno la kwanza mpaka liishe ndo uende la pili, maana la kwanza likizunguka hutafika la pili kamwe. Ila kama mashine ni tupu utatafuta hutamaliza, na hautakuja kupata wakati wa kusema sasa nina uhakika.

Kutambua kusimama nako ni hivyohivyo, endesha M kwa w, ikisimama umejua. Ndiyo maana kwenye ridaksheni yetu kusimama kulienda kukutana na kutokuwa tupu, nusu inayogundulika ikakutana na nusu inayogundulika. Mtu akikuambia ametengeneza `jenga` nyingine isiyohitaji `not`, yaani M ikisimama Mw inakuwa tupu na M isiposimama Mw inakubali kitu, amekosea mahali, tafuta. Kwasababu kwa hiyo `jenga` yake ungeweza kugundua kutosimama kwa ile njia ya mizunguko, na kusimama unagundua kwa kuendesha tu, ukiziendesha zote mbili pamoja kwa zamu moja lazima itakujibu, na hapo umepata mwamuzi wa kusimama bila kumdhania mtu yeyote.